Chumba Huuzwa kwa Usiku, Si kwa Saa 24

Ugomvi ni uleule kila asubuhi katika gesti zinazozunguka Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis. Ikifika saa 4, mhudumu anagonga mlango na kumwambia mgeni muda umekwisha: atoke, au alipie siku nyingine. Mgeni anashangaa, kwa sababu ameingia saa 5 usiku na kwa hesabu yake bado ana saa 13 mkononi. Mhudumu anamwonyesha karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Mgeni anaiona ni ujanja wa kumla pesa, naye mhudumu anamwona mgeni ni mbishi tu. Msimamo wangu ni kwamba kwenye kanuni mhudumu yuko sahihi, na kwenye namna ya kuitumia kanuni hiyo mara nyingi amekosea. Chumba huuzwa kwa usiku, na usiku huo una saa yake ya kwisha hata kama mgeni aliingia kwa kuchelewa. Lakini anayeuza usiku anawajibika kusema usiku huo unaanzia wapi, unaishia wapi, na mgeni akipitiliza kidogo anadaiwa kiasi gani. Gesti nyingi zinashika neno la kwanza tu na kuyaacha hayo mengine.

Tuanze na kwa nini hesabu ni ya usiku. Ukikodi kitu, bei yake hufuata nafasi ambayo mwenye mali ameikosa kwa sababu kitu kiko kwako. Swali la kujiuliza ni moja: ukiwa nacho wewe, nani mwingine amekikosa, na kwa muda gani? Kwa chumba cha kulala jibu liko wazi. Wateja wa chumba hawaji kwa mtiririko sawa mchana na usiku. Wanakuja kwa wingi kuanzia jioni, mabasi ya mikoani yanapoanza kuingia, na ikipita saa 6 usiku wengi wameshapata pa kulala. Chumba kina nafasi moja ya kuuzwa kila usiku. Ikipita, haiwezi kuwekwa stoo ikauzwa kesho. Kwa hiyo aliyelala kwa saa 5 na aliyelala kwa saa 12 wamemzuilia mwenye gesti kitu kilekile, yaani mauzo ya usiku mmoja. Ndiyo maana wanalipa bei moja.

Saa ya kutoka nayo haikutungwa kwa kukomoa watu. Chukua gesti ya vyumba 12 yenye wahudumu wawili wa usafi. Tuseme kila chumba kinahitaji dakika 40 za kutoa mashuka, kudeki, kusafisha choo na kutandika upya. Kila mhudumu ana vyumba 6, na 6 mara 40 ni dakika 240, sawa na saa 4 kamili. Wakianza saa 4 asubuhi watamaliza saa 8 mchana. Hapo ndipo zinapotoka zile saa mbili ambazo wasafiri wengi wanazikuta mahali pengi: kutoka saa 4 asubuhi, kuingia saa 8 mchana. Mashuka yanayofuliwa asubuhi pia yanahitaji jua la mchana yakauke kabla ya jioni. Mgeni anayekaa hadi saa 9 alasiri hachelewishi chumba chake peke yake. Anamfanya mhudumu arudi kwa chumba kimoja wakati kazi yake imekwisha, na shuka lile halitakauka leo.

Sasa tuijaribu hoja ya mgeni, kwamba siku ni saa 24 na kila aliyelipa apewe saa zake zote. Inasikika ya haki kabisa. Tuifuate ndani ya chumba kimoja uone inapofika. Jumatatu saa 12 jioni anaingia mgeni wa kwanza, na kwa kanuni hiyo anatoka Jumanne saa 12 jioni. Chumba kinasafishwa, kinasubiri mteja, na mgeni wa pili anaingia saa 2 usiku. Huyo atatoka Jumatano saa 2 usiku. Wa tatu anaingia saa 4 usiku, anatoka Alhamisi saa 4 usiku. Wa nne anaingia saa 6 usiku, na anayo haki ya kukaa hadi Ijumaa saa 6 usiku. Ijumaa jioni yote, wasafiri wanapopita wakiuliza nafasi, chumba hicho kina mtu. Kinapokuja kuwa wazi, wenye kuhitaji wameshalala kwa jirani. Usiku wa Ijumaa umepotea. Katika usiku 5, chumba kimeuzwa mara 4.

Hasara hiyo hailipwi na mwenye gesti. Ikiwa bei ilikuwa shilingi 25,000 kwa usiku, alitarajia shilingi 125,000 kwa usiku 5. Ili apate kiasi hicho kwa kuuza mara 4, lazima apandishe bei hadi shilingi 31,250. Kwa hiyo yule msafiri aliyetaka kulala tu na kuwahi basi la alfajiri atalipia zaidi ya shilingi 6,000 za ziada, ili mwingine apate uhuru wa kulala hadi jioni. Mbezi Luis wageni wengi ni wa aina ya kwanza. Wanaondoka kabla jua halijachomoza, na saa ya kutoka haiwagusi hata kidogo. Kanuni ya saa 24 ingewafanya wao ndio walipe gharama ya wachache wanaobaki.

Wapo watakaosema kwamba sehemu nyingine wanahesabu saa 24 na mambo yanakwenda. Ni kweli, na ukiziangalia utaona zinaithibitisha kanuni ileile. Kibali cha kuingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti huhesabiwa kwa saa 24. Gari likipita lango saa 8 mchana, linatakiwa liwe limetoka kabla ya saa 8 mchana ya kesho, la sivyo linalipiwa tena, na ndiyo sababu madereva wa utalii hukimbizana na saa wakielekea langoni. Lakini pale kinachouzwa ni kuwepo ndani ya hifadhi. Hakuna mgeni mwingine anayesubiri nafasi yako, hakuna shuka la kubadilisha, na saa ya kuingia imeandikwa langoni. Muda wa kutumia unapimika peke yake. Gari la kukodi nalo linaweza kuhesabiwa kwa saa 24, kwa kuwa mteja wa gari huja saa yoyote na gari lililorudi linaweza kuondoka tena baada ya kuoshwa. Kosa kwenye magari ni pale mwenye gari anaposema "kwa siku" akimaanisha saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, wakati mteja amesikia hadi kesho asubuhi. Hapo ugomvi unatokana na kutotaja saa ya kurudisha.

Mlima Kilimanjaro unaonyesha hesabu zote mbili zikitumika kwa safari moja bila kugongana. Anayepanda kwa njia ya Marangu kwa siku 6 analala mlimani usiku 5. Ada ya uhifadhi analipia siku zote 6, maana hata siku ya kushuka bado yumo ndani ya hifadhi. Ada ya vibanda analipia usiku 5 tu, kwa kuwa kitanda kinamzuilia mwingine usiku na si mchana. Ada ya uokoaji analipa mara moja kwa safari nzima. Mtu yuleyule, mlima uleule, na kila ada inafuata kile inacholipia. Zanzibar vilevile, kodi ya miundombinu anayotozwa mgeni hotelini huhesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Hesabu ya siku kwa chumba cha kulala ingeleta maswali yasiyo na jibu: siku ya kufika saa 3 usiku ni siku nzima? Na siku ya kuondoka saa 11 alfajiri je?

Kutokana na hapo, kanuni ya kuhesabu ni nyepesi: chukua tarehe ya kutoka, utoe tarehe ya kuingia. Aliyeingia tarehe 3 na kutoka tarehe 7 amelala usiku 4. Kosa linaloonekana sana ni kuhesabu tarehe kwa vidole, 3, 4, 5, 6, 7, na kupata 5. Hizo ni siku alizokanyaga mahali hapo, na siku huwa zinazidi usiku kwa moja. Watangazaji wa ziara wanaijua tofauti hiyo vizuri. Ndiyo maana tangazo la Zanzibar husomeka "siku 3, usiku 2", na ile 3 ndiyo iliyokolezwa wino. Ukifika kwa boti la mchana siku ya kwanza na kuondoka kwa boti la asubuhi siku ya tatu, siku kamili uliyopata ni moja. Tangazo halijadanganya. Ila anayelinganisha bei za ziara mbili alinganishe kwa usiku, kwa sababu malazi ndiyo sehemu ya gharama inayorudiwa kila unapolala.

Hadi hapa nimemtetea mwenye gesti. Sasa tufike mahali anapokosea, na pa kwanza ni saa za usiku wa manane. Kituo cha Magufuli kilizinduliwa tarehe 24 Februari 2021, nacho kikachukua mabasi ya mikoani yaliyokuwa yakiishia Ubungo. Wakati huo mabasi yalikuwa bado hayaruhusiwi kusafiri usiku kucha, kwa hiyo msafiri alitarajiwa kufika jioni, au usiku wa mapema basi likichelewa. Tangu mwaka 2023, serikali iliporuhusu tena mabasi kutembea usiku, watu wanashuka Mbezi Luis saa 8 usiku, saa 10 alfajiri, saa 11. Kanuni ya gesti ilitungwa kwa mgeni wa jioni. Mgeni wa alfajiri haimjui kabisa.

Fuatilia mfano huu. Msafiri kutoka Bukoba anashuka saa 8:20 usiku. Kwa kalenda, saa 6 usiku imeshapita, kwa hiyo leo ni tarehe 15 Juni. Analala, anafanya shughuli zake mjini, na anaondoka tarehe 17 saa 3 asubuhi. Risiti ya mashine imechapa tarehe 15, saa 02:20. Ukitoa 15 kwenye 17 unapata 2, kwa hiyo mgeni anataka kulipa shilingi 50,000. Mwenye gesti anahesabu vingine: amelala usiku wa kuamkia tarehe 15, wa kuamkia 16 na wa kuamkia 17, yaani usiku 3, shilingi 75,000. Aliye sahihi ni mwenye gesti, lakini risiti yake mwenyewe inampinga. Kasoro haiko kwenye kutoa. Iko kwenye tarehe iliyoingizwa. Kitanda kile kilikuwa kikiuzwa tangu jioni ya tarehe 14, na usiku wa tarehe 14 ulikuwa haujaisha alipolala.

Hoteli kubwa zimelitatua jambo hili zamani. Tarehe ya hoteli haibadiliki saa 6 usiku pamoja na kalenda. Inabadilika pale mhasibu wa zamu ya usiku anapofunga hesabu, na kazi hiyo hufanyika usiku wa manane au alfajiri, mapokezi yanapokuwa yametulia. Mgeni anayeingia kabla ya hesabu kufungwa anaandikwa kwa tarehe ya jana, hata kama saa ya ukutani imeshavuka. Gesti ya vyumba 12 haina mhasibu wa usiku wala haihitaji programu ya kompyuta. Inahitaji kuchagua saa moja na kuiandika: kabla ya saa hii, umeingia usiku wa jana, baada ya saa hii, umeingia leo.

Tarehe hiyohiyo huwaumiza wanaohifadhi chumba mapema. Mtu anajua basi lake litafika saa 8 usiku, tarehe 15. Anapiga simu, au anaingia kwenye programu ya kuhifadhi vyumba, na kuomba chumba tarehe 15. Alichohifadhi ni chumba kitakachokuwa tayari saa 8 mchana wa tarehe 15, saa 12 baada ya yeye kufika. Anashuka na mizigo na watoto, anaambiwa nafasi yake ni ya kesho na leo wamejaa. Dawa yake ni fupi: anayefika baada ya saa 6 usiku ahifadhi kwa tarehe iliyotangulia, na aseme wazi kwamba atafika usiku wa manane. Asiposema, chumba chake kinaweza kuuzwa saa 5 usiku kwa kudhaniwa kwamba hatokei tena.

Jambo la pili ni namna saa inavyoandikwa. Karatasi nyingi nyuma ya milango zimeandikwa "10:00" bila neno jingine. Aliyezoea saa za kizungu anajua hiyo ni saa 4 asubuhi. Asiyezoea anasoma saa 10, na saa 10 iliyo karibu baada ya kuamka ni ya jioni. Hapo kuna tofauti ya saa 6, na mgeni hakufanya ubishi, amesoma kilichoandikwa. Tatizo hili huonekana hata kwenye tiketi na risiti, ambazo mashine huzichapa kwa mtindo wa saa 24. Tangazo linalotaka kueleweka liandike "saa 4:00 asubuhi (10:00)". Maneno hayo machache yangepunguza nusu ya kelele za mapokezi.

La tatu, na ndilo zito, ni adhabu ya kuchelewa. Mwenye gesti anaposema kwamba aliyepitiliza saa 4 alipie usiku mwingine mzima, anadai kwamba amezuiliwa mauzo ya usiku mwingine. Kama mgeni anatoka saa 7 mchana, dai hilo si la kweli. Chumba kitasafishwa na kuuzwa jioni kama kawaida. Kilichopotea ni saa 3 za mchana na usumbufu wa mhudumu. Na hapa gesti nyingi zinajifunga kwa mikono yao, kwa sababu mchana huohuo zinauza vyumba kwa saa. Kila mtu anaijua bei ya "kupumzika". Gesti yenye bei ya kupumzika imeshatangaza yenyewe thamani ya saa chache za mchana. Ikiwa saa 3 zinauzwa shilingi 10,000 kwa mtu anayetoka barabarani, haiwezekani saa 3 zilezile ziwe shilingi 25,000 kwa mtu aliyelala hapo na kulipa. Mgeni aliyepitiliza anadaiwa bei ya kupumzika. Bei ya usiku mzima inaanza kudaiwa pale anapokaa hadi jioni, wakati wateja wa usiku wameanza kuja na chumba hakionyesheki.

Mwenye gesti atanijibu kwamba adhabu ndogo itawafanya wageni wote wajilalie hadi mchana. Sidhani. Anayelipa shilingi 10,000 kwa saa 3 ni mteja, hajaiba kitu, na gesti ambayo ingengoja hadi jioni imepata mapato ya mchana. Mwenye gesti anayetaka chumba kibaki wazi kwa sababu kimeshahifadhiwa na mgeni mwingine ana haki ya kukataa kuongeza muda, mradi aseme mapema, usiku uliotangulia, na si kwa kugonga mlango saa 4 kamili.

Bei hiyohiyo ya kupumzika ndiyo inayomaliza tatizo la mgeni wa alfajiri. Leo anayeingia saa 10 alfajiri anaambiwa alipe shilingi 25,000 na atoke saa 4 asubuhi. Amepata saa 6. Akitaka kubaki hadi kesho, analipa 50,000. Wenye gesti hutetea jambo hilo kwa kusema walikishikilia chumba usiku kucha. Hawakukishikilia kwa ajili yake, kilikosa mteja. Ikifika saa 10 alfajiri, mauzo ya usiku ule yameshapotea, na kilichobaki ni saa chache za kupumzikia. Basi ziuzwe kama saa za kupumzika. Napendekeza mpaka uwe saa 9 usiku. Anayeingia kabla ya hapo ameununua usiku unaoendelea, analipa bei kamili na kutoka saa 4 asubuhi. Anayeingia baada ya hapo analipa shilingi 10,000 na kutoka saa 4, au analipa 35,000, yaani pumziko pamoja na usiku unaokuja, na kutoka saa 4 ya kesho yake. Ni kweli kwamba aliyeshuka saa 8:45 anaweza kukaa stendi robo saa ili apunguze gharama. Mpaka wowote una mtu aliye karibu nao. Heri mpaka unaojulikana kuliko bei inayotegemea uchovu wa mgeni na sura ya mhudumu.

Nimezungumzia vyumba vya usiku, lakini wapangaji wa mwezi nao wana kosa lao la tarehe. Mkataba wa miezi 6 unaoanza tarehe 10 Machi unaisha tarehe 9 Septemba, kwa sababu tarehe 10 Septemba ndiyo siku ya kwanza ya mwezi wa saba. Mikataba mingi inayoandikwa kwa dalali husema "kuanzia 10 Machi hadi 10 Septemba". Siku ile ya mwisho inakuwa na wenyewe wawili: mpangaji anayehama anasema bado ni yake, na anayehamia ameshalipa na ana gari la mizigo nje. Hapa hesabu ni tofauti na ya gesti, kwa sababu nyumba hailali wazi hata siku moja. Mpangaji anakuwa nayo mchana na usiku mfululizo, kwa hiyo siku ya kwanza na ya mwisho zote mbili zinahesabiwa.

Asitegemee mtu kwamba sheria itamtafsiria. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1 ya sheria za Tanzania, katika kifungu cha 60 inasema muda unaohesabiwa kutoka siku fulani hauihesabu siku hiyo yenyewe. Kifungu hicho kinahusu muda unaotajwa ndani ya sheria zilizotungwa, si mkataba wa chumba cha kupanga. Lakini kinaonyesha hatari iliyopo: neno ambalo mtu wa kawaida anaona linaijumuisha tarehe 10, mwanasheria anaweza kuliona linaiacha. Kinga yake ni kuandika tarehe zote mbili na kuongeza maneno "siku zote mbili zikihesabiwa", pamoja na saa ya kukabidhi funguo siku ya mwisho. Mstari mmoja unatosha.

Kwa gesti, marekebisho ninayoyataka hayagharimu zaidi ya karatasi na kalamu. Ukutani mapokezi, mahali mgeni anapopaona kabla ya kutoa pesa, ziandikwe saa ya kuingia, saa ya kutoka, saa inayotenganisha usiku wa jana na wa leo, na bei ya kupumzika inayotumika kwa wanaochelewa kutoka na wanaofika alfajiri. Daftari la wageni, ambalo tayari lina safu za jina, anakotoka, anakokwenda na tarehe ya kuingia, liongezwe safu ya saa, na kwa anayefika baada ya saa 6 usiku iandikwe "usiku wa kuamkia" tarehe fulani. Risiti iandikwe tarehe na saa ya kutoka hata kwa mkono. Mtu anayesafiri kikazi ataihitaji hiyo zaidi ya wote, maana ofisini kwake anarejesha hesabu za masurufu, na risiti ya usiku 2 kwa safari aliyolala mara 3 itamletea maswali asiyostahili.

Manispaa ya Ubungo, ambayo Mbezi Luis imo ndani yake, inaweza kulifanya tangazo hilo kuwa sharti la leseni ya nyumba ya kulala wageni. Haihitaji kupanga bei wala kuchagua saa; hayo ni ya mwenye biashara. Itake tu kwamba yote yaandikwe, kwa Kiswahili, na yaonekane. Afisa biashara anayepita kukagua leseni ataangalia ukutani na kumaliza.

Kwa msafiri, acha kuuliza "chumba bei gani kwa siku". Uliza: "Nikilipa sasa, natakiwa kutoka tarehe ngapi, saa ngapi, na nikichelewa saa mbili nalipa kiasi gani?" Subiri ujibiwe yote matatu kabla hujatoa pesa. Gesti isiyoweza kuyajibu usiku, itayajibu asubuhi kwa hasara yako.